Utani kwenye Namba ya Ofisi

Ujumbe wa kwanza ulinikuta shambani Usoke, mikono imeganda utomvu wa tumbaku. Aliyechuma tumbaku mbichi anaujua utomvu ule. Unaanza kama jasho, unakuwa gundi, unaishia kuwa ngozi ya pili nyeusi inayonuka mpaka kwenye ugali. Simu haimsikii mtu mwenye vidole hivyo. Niligusa kioo mara tano, hakikufunguka, nikakigusa kwa ncha ya pua ndipo kikakubali.

"Habari. Tunawasiliana kutoka ofisi ya rasilimali watu ya kiwanda cha kuchakata asali, Tabora mjini. Tumepitia maombi yako ya nafasi ya mkaguzi wa ubora. Je, bado unaihitaji?"

Nilikaa chini kwenye tuta. Nilikuwa nimemaliza stashahada ya ufugaji nyuki miaka miwili nyuma, na katika miaka hiyo miwili nilikuwa nimekagua ubora wa kitu kimoja tu, majani ya tumbaku ya mama yangu. Nilituma maombi mpaka nikaacha kuyahesabu. Barua zangu zilikwenda, hazikurudi na majibu. Na sasa kazi yenyewe niliyoisomea, mjini kwetu, saa chache kutoka nyumbani, ilikuwa inaniuliza kama bado naihitaji! Ningeweza kuimba.

Kwa kuwa vidole havifai kuandika, nikabonyeza alama ya kipaza sauti kwa kifundo cha mkono na kuanza kurekodi. "Shikamoo, ndiyo, bado naihitaji sana, yaani sana, Mungu awabariki..." Hapo mama, aliyekuwa matuta mawili mbele, akamsalimu jirani kwa sauti yake ya kuita ng'ombe, "Mwangaluka!", jirani akajibu kwa sauti kubwa zaidi, mbwa naye akaona asibaki nyuma. Nikaifuta ile rekodi kabla haijaenda. Hiyo ndiyo busara yangu ya mwisho kwa wiki ile, naomba inisaidie mbele ya safari.

Nilinawa kwa mchanga na sabuni ya kipande mpaka ngozi ikawaka, kisha nikampigia shangazi. Shangazi yangu alikuwa katibu muhtasi Tabora mjini kwa maisha yake yote ya kazi, enzi za taipureta, na amestaafu bila kustaafu. Anasahihisha hata matangazo ya msiba. Nikamsomea nilichotaka kuandika.

"Shikamoo ya nini?" akauliza. "Unamjua umri wake?"

"Simjui, shangazi."

"Kama ni binti wa miaka ishirini na mbili umemzeesha. Andika habari za asubuhi, inamtosha kila mtu. Jina lako kamili chini, maana hawana namba yako kwa jina. Mungu awabariki hiyo iache, utawaombea ukiwa kanisani. Na ile picha yako ya kwenye simu bado ni ile umelala juu ya gunia?"

"Ile ni ya mavuno, shangazi."

"Iondoe."

Nikaiondoa, nikaweka ya mahafali, ambayo nimekunja uso kama anayedaiwa. Nikaandika: "Habari za asubuhi. Asante kwa kuwasiliana nami. Ndiyo, bado ninaihitaji nafasi hiyo. Naomba kujua hatua inayofuata, na anuani ya barua pepe ya ofisi ili nitume wasifu wangu na nakala za vyeti." Nikaweka jina langu. Nilipousoma nilijishangaa. Ilikuwa kama mtu mwingine, mtu mwenye meza na kalamu.

Shangazi alinieleza kwa nini tunaomba barua pepe ya ofisi. Matapeli wa ajira ni wengi, na tapeli hupenda mambo yaishie kwenye simu, kwa haraka, ukiishia kuombwa hela ya fomu. Anuani ilikuja siku ileile, yenye jina la kiwanda mwishoni, na hakuna aliyeniomba hela. Nikaenda kwa kijana wa stesheni mwenye kompyuta, tukazipanga nyaraka kuwa faili moja, tukaipa jina langu badala ya "cv mpya ya mwisho kabisa", nikaituma. Kisha nikaandika kwenye WhatsApp mstari mmoja tu wa kusema nimeituma. Usaili ukapangwa Alhamisi ya wiki inayofuata, saa nne asubuhi. Nikajibu kwa kurudia siku, saa na mahali, ili kama kuna aliyekosea tujue mapema. Siku nne nzima nilikuwa mtu wa ofisini. Nilijipenda mno.

Tatizo langu ni mdomo. Kwetu utani si mchezo wa kupotezea muda, ni urithi. Babu zetu Wanyamwezi walitembea na misafara kutoka Unyanyembe hadi pwani na kurudi, na kila walikopita waliacha watani. Wazaramo ndio wa kwanza, maana ndio waliotupokea tukiwa na vumbi la miezi mitatu na mzigo wa pembe begani. Mzaramo akikutania, unajibu. Usipojibu umemkataa, umemwambia yeye si mtu wako. Nimelelewa hivyo, na katika ukoo wetu mimi ndiye ninayetumwa mbele watani wanapofika msibani kufanya fujo zao, kwa sababu sina aibu na sishindwi.

Siku ya tano simu ikaita, namba ileile ya ofisi. Sauti ya mwanamke, changa, yenye lafudhi ya pwani.

"Nahakikisha tu kama utafika Alhamisi. Unatokea Usoke?"

"Ndiyo, nitafika bila shaka."

"Mnyamwezi kabisa?"

"Kabisa."

Akashusha pumzi kama mtu aliyeonewa. "Basi pole yangu. Mimi Mzaramo wa Kisarawe. Yaani nimehangaika kutafuta mkaguzi, naletewa mpagazi! Sasa utakuja na basi au utakuja kwa miguu, mzigo kichwani, kama mlivyozoea?"

Jamani. Jibu lilipanda kutoka tumboni likagonga meno. Lakini nilimkumbuka shangazi, nikacheka kistaarabu, hehe mbili, nikasema, "Nitakuja na basi, asante." Akaaga, nikasikia kwenye sauti yake kwamba amesikitika kidogo. Alinirushia mpira, nikaushika na kuuweka mfukoni.

Sikula vizuri siku ile. Mama aliniuliza kama naumwa, nikamwambia nimetaniwa na sijajibu, akanitazama kwa huruma ya kweli.

Kesho yake asubuhi, saa mbili na robo, niliifungua simu kupitia tena anuani ya kiwanda, nikaona ile namba iko hewani. Yupo, nikajisemea, mtani wangu yupo pale anakunywa chai yangu. Vidole vilikuwa safi, kwa bahati mbaya. Nikaandika:

"Mtani, hicho kiti unachokikalia kipashe moto vizuri, Alhamisi nakuja kukichukua. Wewe fungasha urudi pwani ukakune nazi, kazi za ofisi tuachie wenye akili. Na usijali, mizigo yako nitakubebea mimi mpaka stesheni."

Nilijisomea mara mbili na kucheka peke yangu kama kichaa. Nikatuma. Alama mbili, zikawa za bluu. Ile ofisi "inaandika". Inaacha. Inaandika tena.

"Habari. Unayewasiliana naye ni meneja wa rasilimali watu. Kiti hicho ninakikalia mimi. Naomba maelezo."

Nataka nieleze jinsi mwili unavyokuwa, lakini ninachokumbuka ni masikio tu, yalipata moto kama niliyeyaweka kwenye bani la kukaushia tumbaku. Namba ilikuwa ya ofisi! Niliijua kuwa ya ofisi, iliandikwa jina la kiwanda juu na saa za kazi chini yake, na haikunipitia akilini kwamba simu moja inaweza kushikwa na watu wawili. Kule kwetu simu ni mtu. Ukipiga namba ya fulani anapokea fulani, au mkewe, na mkewe naye ni mtani. Meneja, nilikuja kujua baadaye, alikuwa mtu wa mkoa wa mbali ambaye kabila lake na letu hayajawahi kutaniana wala kugombana. Kwake yeye, mwombaji wa kazi alikuwa amemwambia kwa maandishi kwamba hana akili na kwamba anakuja kumpokonya kiti.

Nikabonyeza kufuta. Ikaniuliza kama nifute kwa wote. Nikafuta kwa wote. Ikabaki ile alama ya kutangaza kwamba hapa palikuwa na ujumbe na umefutwa, ambayo ni sawa na mtu kukimbia huku ameacha viatu. Alishausoma. Alishaujibu. Sasa nilikuwa mtukanaji na mficha ushahidi.

Nilimpigia shangazi, nikamweleza. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu shangazi aliniomba nirudie. Kisha akasema, "Haya. Huyo dada ndiye aliyeanza?"

"Ndiye."

"Kwa simu ya ofisi?"

"Kwa simu ya ofisi."

"Basi andika hivyo. Kwa heshima. Sema jana ulipigiwa na afisa wenu, akakutania kikabila, wewe ukajibu ukidhani unamjibu yeye. Ni kweli tupu, na itakuokoa."

Ilikuwa kweli tupu. Utani wa yule dada ulikuwa wa mdomo, haukuacha alama. Wangu ulikuwa umeandikwa. Meneja angepanda juu na kushuka chini kwenye mazungumzo yale asingeona kosa la mtu mwingine isipokuwa langu. Nikakaa kwenye kigoda nje ya jiko, nikaandika kama shangazi alivyosema, na kwa kweli iliandikika vizuri. Ilikuwa na "kwa heshima" mbili. Niliihitaji kazi ile kuliko nilivyowahi kuhitaji kitu chochote, na sentensi moja tu ya kweli ndiyo ingenirudisha kwenye mstari.

Mama alikuwa anapepeta karanga. Nikamsomea, nikiwa tayari kupongezwa.

"Huyo si mtani wako?" akauliza.

"Ni mtani, mama."

"Umewahi kumwona nani akimpeleka mtani wake kwa mwenyekiti wa kijiji?"

Sijawahi. Hakuna aliyewahi. Mtani anaweza kuingia nyumbani mwako kwenye msiba, akakuchukulia kuku, akavaa koti la marehemu na kumuigiza alivyokuwa akitembea, na hutamshitaki popote, kwa mtu yeyote. Ukimshitaki, utani umekufa, na wewe ndiye uliyeuua.

"Lakini kazi, mama."

"Kazi omba. Ila omba kwa mdomo wako mwenyewe."

Nilimkasirikia. Nasema wazi, nilimkasirikia sana, kwa sababu ilikuwa rahisi kwake kusema, yeye ambaye hajaandika barua hata moja ya maombi. Nikaondoka pale, nikazunguka nyumba, nikarudi nikafuta yote. Kisha nikaandika upya, polepole, nikimsikia shangazi sikio moja na mama la pili:

"Habari za asubuhi, Meneja. Ujumbe nilioutuma saa mbili na robo ulikuwa utani, na haukupaswa kuandikwa kwenye namba ya ofisi. Kosa ni langu, na kuufuta baada ya wewe kuusoma kuliongeza kosa. Naomba radhi. Bado ninaihitaji nafasi ya mkaguzi wa ubora. Endapo usaili wa Alhamisi saa nne bado upo kwa ajili yangu, nitafika kwa wakati. Asante."

Jina langu kamili. Nikatuma, nikaweka simu ndani ya debe la mahindi ili nisiione.

Alama za bluu zilikuja kabla ya saa sita. Jibu halikuja. Siku ile halikuja, kesho yake asubuhi halikuja. Nilitamani kuandika tena, angalau kuuliza kama umefika, angalau kuweka kile kikatuni cha mikono iliyokunjwa. Shangazi, aliyekwishaambiwa kwamba nimekataa ushauri wake na akanuna kama inavyostahili, alinikataza vikali. "Umeshasema. Ukirudia utaonekana unamdai msamaha. Mwache asome." Nikachuma tumbaku siku mbili kama trekta. Mama alisema laiti ningekuwa nakosana na meneja kila mwaka.

Jumatano mchana ndipo lilipokuja: "Ujumbe umepokelewa. Usaili ni kama ulivyopangwa. Fika na vyeti halisi." Nikapiga kelele, jirani akaja mbio. Nikajibu, "Nimepokea. Nitafika saa nne kasoro robo nikiwa na vyeti halisi. Asante." Nikaongeza alama ya furaha, nikaifuta kabla sijatuma. Nilikuwa nimejifunza kufuta kwa wakati.

Chumba cha usaili kilikuwa na watu watatu nyuma ya meza. Mtaalamu wa maabara, mzee mpole. Meneja, mtu mwembamba mwenye miwani, amekaa kwenye kiti nilichoapa kukichukua, na nakiri kilikuwa kiti kizuri. Na pembeni, akiandika, dada mmoja mdogo kuliko nilivyodhani, hakuinua uso hata kidogo. Nilimjua kwa alivyosema "karibu".

Mtaalamu aliniwekea vikombe vitatu vya asali. Hapo nilipumua, hapo palikuwa kwetu. Cha kwanza kilikuwa na harufu ya moshi, nikasema mrinaji alifukiza kupita kiasi. Cha pili nikakipima kwa kile kipimo kidogo cha kuchungulia mwangani, nikasema kina maji mengi, masega yalikatwa kabla nyuki hawajayaziba, itachacha ikikaa. Cha tatu kilikuwa safi, nikasema ni asali ya msitu wa miombo na nikaomba kumaliza kijiko. Mzee akacheka. Meneja hakucheka.

"Nina swali moja," akasema. "Ule ujumbe. Ulikuwa unamwandikia nani?"

Kalamu ya yule dada ikasimama. Sikumtazama, lakini chumba kizima kilikuwa kimejaa kusimama kwa kalamu ile.

"Niliiandikia namba ya ofisi, mheshimiwa," nikasema. "Na hilo ndilo kosa lenyewe. Ofisi haina utani na mimi."

"Huna la kuongeza?"

"Sina."

Aliandika neno moja, akanishukuru kwa kuja. Nilitoka nikiwa na hakika nimekosa. Nilinunua karanga stendi, nikala zote kabla basi halijafika Urambo, na kwa kuwa Usoke iko kabla ya Urambo mtaelewa kwamba nilipitiliza.

Wiki moja na siku nne. Kisha ikaja barua kwenye barua pepe, na mstari kwenye WhatsApp wa kunijulisha kwamba imetumwa. Nimepata! Nikajibu kwa sentensi mbili zilizonyooka, nikataja tarehe ya kuripoti, nikasaini mkataba kwa kijana wa stesheni, tukaupiga picha vizuri na kuurudisha siku ileile. Shangazi alisoma majibu yangu yote, akakosa cha kusahihisha, akasema kwa kusikia sauti yangu inaonekana nimepungua mwili.

Siku iliyofuata nilikuwa shambani na mama simu ilipoita. Namba ngeni, ya mtu binafsi, nikaipokea kwa ncha ya pua.

"Mkataba umesaini?" Ile lafudhi ya pwani.

"Nimesaini."

"Nilimwambia," akasema, na sauti yake haikuwa ya mzaha. "Siku ile ya usaili, ulipotoka tu mlango ukafungwa, nilimwambia mimi ndiye niliyeanza. Kwa simu ya ofisi. Nilikuwa nimekaa siku zote zile nasubiri unitaje. Mimi niko kwenye majaribio bado, mwenzangu. Ungenitaja ningeondoka."

"Akasemaje?"

"Akasema aliona kalamu yangu iliposimama. Akanipa onyo kwa maandishi. Kisha akasema anataka mkaguzi anayejua kunyamaza mpaka aulizwe kuhusu asali." Akavuta pumzi. "Sasa hii ni simu yangu, si ya ofisi. Nimeinunulia na vocha mwenyewe. Nitukane."

Nilikuwa nayo. Nilikuwa nayo ya siku kumi na sita, ya nazi, ya Kisarawe, ya wavivu wa pwani waliokaa chini ya miembe wakitungoja tuwaletee dunia begani. Nikafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa asante. Nikajaribu tena, ikatoka asante nyingine, na machozi yakafuata, pale katikati ya matuta, na mikono yenye utomvu nisiyoweza kujifutia.

Mama akainuka na kuuliza kwa Kinyamwezi nani amekufa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, ni mtani wangu, anasubiri kutukanwa na mimi sina hata neno moja.